Kaye ya kurasa 31: uchambuzi wa kisa cha kazi ya kikundi

Usuli

Kisa hiki kilitokea Lubumbashi, katika kozi ya sosholojia ya kazi, mwaka wa pili wa masomo. Majina ya watu, ya chuo na ya mtaa tulikofanyia uchunguzi nimeyaondoa, na mambo machache ambayo yangeweza kumtambulisha mtu nimeyageuza. Mimi ndiye niliyekuwa kiongozi wa kikundi, na uamuzi uliozua ugomvi niliufanya mwenyewe, usiku, mbele ya kompyuta. Msomaji ajue tangu mwanzo kwamba anayesimulia ni mmoja wa waliogombana.

Tulikuwa watu sita. Asistanti alitupa kazi ya vitendo, ile ambayo sisi wanafunzi tunaiita tepe, ya wiki tano: kuchunguza jinsi wabebaji wa makala kwa baiskeli wanavyopanga kazi yao. Kila mkazi wa Lubumbashi anawaona watu hawa. Wanatoka vijijini usiku, kinga imebebeshwa magunia matatu au manne yaliyofungwa kwa kamba za mpira, mlimani wanashuka na kusukuma, na asubuhi makala yako sokoni kabla mama wa nyumbani hajawasha mbabula. Tulitakiwa kuwahoji 12 kati yao, kuandika ripoti ya kurasa 20 kwa Kifaransa, na kuitetea mbele ya promosheni. Alama zilikuwa juu ya 20, na kila ambaye jina lake liko kwenye ukurasa wa kwanza alipata alama ile ile.

Wenzangu nitawaita kwa nafasi zao. Yaya alikuwa mkubwa wetu, mama wa watoto watatu, anauza unga sokoni na kusoma. Mtunza pesa alikuwa dada makini ambaye hakuna franki iliyompotea. Msemaji alikuwa kijana mwenye ulimi mzuri. Mfasiri alikuwa kijana aliyekulia upande wa Kasenga, Kibemba anakisema kama maji. Mtu wa zamu aliajiriwa na kampuni inayofanya kazi ndani ya mgodi, zamu ya saa 12, wiki moja ya mchana na wiki moja ya usiku.

Mimi walinichagua kwa sababu moja: nilikuwa na kompyuta. Hakuna aliyesema hivyo wazi, lakini swali la kwanza kwenye mkutano wa kwanza lilikuwa nani ana mashine, na aliyejibu akawa shefu.

Yaliyotokea

Mkutano wa kwanza tulikaa chini ya mwembe nyuma ya oditwari na kugawana kazi kwa muda usiozidi nusu saa. Tuligawana kwa sura za ripoti. Huyu utangulizi, yule njia za uchunguzi, wawili matokeo, mwingine hitimisho, na mimi kuunganisha. Kila mtu alichanga franki 10,000 za usafiri na kuchapisha. Tuliachana tukiwa na furaha, kila mmoja ana sura yake mfukoni.

Wiki ya pili ndiyo iliyokuwa ya uwanjani. Wabebaji wa makala hawapendi watu wenye karatasi. Mtu mwenye karatasi kwao ni mtu wa kodi, au mtu wa mazingira aliyekuja kuuliza miti imekatwa wapi na kwa ruhusa ya nani. Siku ya kwanza Msemaji na mimi tulikwenda saa mbili asubuhi na hakuna aliyetujibu. Yaya akasema tumwachie. Alikwenda peke yake alfajiri mbili mfululizo, akakaa na mama anayewauzia wabebaji chai na mihogo pale wanapopumzika kabla ya kuingia mjini, akanunua chai, akaongea habari za bei ya unga. Siku ya tatu mama yule akamwita mzee wa wabebaji, na mzee akakubali. Tulifika wote, isipokuwa Mtu wa zamu, saa kumi na nusu alfajiri. Tulihoji tisa badala ya 12. Wanne kati ya hao hawakuwa na Kiswahili cha kutosha, wakahojiwa kwa Kibemba na Mfasiri peke yake, sisi tukishika simu ya kurekodia na kuelewa neno moja moja.

Hapo kila mmoja akarudi kwake, na wiki ya tatu ikaanza. Nitaikalia kidogo, maana ndani yake ndimo lilimojengeka jambo lote.

Kikundi chetu kilikuwa na ukumbi wa Watsapu. Jumatatu niliandika: wapendwa, sura zimefika wapi? Mtunza pesa alijibu. Msemaji aliweka kidole gumba. Mtu wa zamu aliandika "Niko poste". Yaya hakujibu hadi usiku, akasema mtoto ana homa. Mfasiri hakujibu kabisa. Jumanne umeme ulikatika mtaani kwetu na haukurudi hadi Ijumaa, nikawa nabeba kompyuta kwenda kuichaji kwa jirani mwenye jenereta, kwa kulipa. Kila nilipofungua simu niliona kimya. Nikaanza kuhesabu kimya cha kila mtu, na kimya cha Mfasiri kikawa kirefu kuliko vyote.

Ambacho sikukikumbuka ni kwamba Mfasiri alikuwa na simu ya vitufe. Hakuwa ndani ya ukumbi ule hata siku moja. Siku ya mkutano wa kwanza tulikubaliana kwamba Msemaji, anayekaa karibu naye, ndiye atakayempasha habari. Msemaji alimpasha mara moja, kisha akasahau, na mimi nikasahau kwamba kulikuwa na mapatano ya namna hiyo. Nilikuwa namsubiri mtu anijibu mahali ambapo hayupo.

Jumatano ya wiki ya nne Yaya aliniletea kaye iliyofungwa kwa mfuko wa plastiki. Ndani yake, kwa mkono, Mfasiri alikuwa ameandika mahojiano yote manne: upande wa kushoto maneno ya Kibemba kama yalivyosemwa, upande wa kulia Kiswahili. Kurasa 31. Katika mahali pengine alikuwa ameweka alama ya nyota na kueleza chini kwamba neno hili mbebaji amelitumia kwa maana ya kazi ya mtu mwingine anayemsaidia, si ya mtoto wake. Rekodi alizisikilizia kwenye simu ya dada yake, jioni, dada akishatoka kazini.

Mimi nilichokiona siku ile ni kaye iliyochelewa siku sita, na ambayo lazima niichape. Nilikesha usiku tatu. Nilichapa Kiswahili, nikageuza kwa Kifaransa, nikajaza sura ya matokeo. Sura ya hitimisho haikuja, nikaiandika. Utangulizi ulikuja nusu ukurasa, nikauandika upya. Usiku wa tatu, kama saa nane, macho yanawaka, nikafika kwenye ukurasa wa kwanza, mahali pa majina.

Uamuzi na sababu zake

Niliandika majina manne. La Mtu wa zamu na la Mfasiri nikayaacha.

Nataka nieleze sababu kama nilivyokuwa nazo wakati ule, si kama ninavyoziona leo. Kwanza nilikuwa na hakika kwamba kazi nimeifanya mimi. Ushahidi ulikuwa mbele yangu: faili lote limechapwa na vidole vyangu. Pili nilihisi kwamba nikinyamaza, nitakuwa nimewafundisha wote kwamba tepe ijayo pia waninyamazie. Tatu, na hili ni gumu kulisema, nilitaka mtu aone. Nilikuwa nimechoka na hakuna aliyejua nimechoka.

Kwa nini hao wawili na si Yaya, ambaye pia hakuleta sura yake? Kwa sababu Yaya nilimwona uwanjani kwa macho yangu, na kwa sababu ni mkubwa. Kufuta jina la yaya wako si jambo la mchezo. Kwa nini si Msemaji? Kwa sababu alikuwa akijibu. Kidole gumba chake cha Watsapu kilimlinda kuliko kurasa 31 zilivyomlinda Mfasiri.

Sikumwuliza mtu yeyote. Mtunza pesa aliona majina manne asubuhi, kwenye sekretariati tulikokwenda kuchapisha, akaniuliza "Na wengine?" Nikamwambia hawakufanya. Akanyamaza, akalipa, ripoti ikaenda.

Ugomvi

Utetezi ulipita vizuri. Msemaji aliongea kwa dakika 15 bila kusoma. Tulipata 14 juu ya 20, na asistanti alisifu hasa sura ya matokeo, sehemu inayoeleza wasaidizi wa kusukuma mlimani na jinsi wanavyolipwa.

Siku matokeo yalipobandikwa kwenye valvu, Mfasiri alikuta mstari wake hauna alama. Alinifuata nje ya oditwari. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu: "Shefu, jina yangu iko wapi?" Nikamwambia kwamba hakuwa akijibu, kwamba wiki mbili nzima hakuonekana. Akasema, "Kaye ulipokea?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi." Akaondoka.

Mtu wa zamu yeye alipiga simu usiku ule ule, kwa hasira kubwa. Alisema alilipa franki 30,000 badala ya 10,000, kwa sababu alijua hataweza kuja, na hakuna aliyemwambia pesa hiyo haitoshi. Ilikuwa kweli. Zile 20,000 za ziada Mtunza pesa alizipokea na kuziandika, na ndizo zilizotupeleka uwanjani kwa taksi alfajiri ile, kwa kuwa hakuna basi saa hiyo. Tulizipanda wote na hakuna aliyeuliza zimekuja kwa mapatano gani.

Aliyenisimamisha alikuwa Yaya. Alinikuta sokoni kwake na hakunikaribisha kukaa. "Mudogo yangu," alisema, "ule mtoto alitumika. Weye uliona kaye, haukuona muntu." Kisha akanieleza habari ya simu ya dada, ambayo sikuijua. Akasema kama sitakwenda kwa asistanti, atakwenda yeye.

Tulikwenda wote sita. Asistanti hakutaka kusikiliza hadithi kwanza. Alimpa kila mtu kipande cha karatasi, aandike bila kumwonyesha jirani: katika kazi yote, wewe ulifanya sehemu ngapi kwa mia? Akakusanya, akajumlisha ubaoni. Mimi niliandika 60. Yaya 30, Mfasiri 30, Mtunza pesa 25, Msemaji 25, Mtu wa zamu 10. Jumla ikawa 180.

Hakuna aliyecheka. Kila mmoja alikuwa ameandika kwa moyo wake.

Kisha akatupa siku mbili tuandike kila kazi iliyofanyika tangu mwanzo, hata ya kununua chai, na mbele yake saa zilizotumika na mtu mwingine aliyeshuhudia au kitu kilichobaki kama alama yake. Kazi isiyo na shahidi wala alama isiandikwe. Tulipomaliza tulikuwa na saa 124. Zangu zilikuwa 41, za Mfasiri 29, za Yaya 22, za Mtunza pesa 17, za Msemaji 12, za Mtu wa zamu 3. Yaani mimi niliyejipa 60 kwa mia nilikuwa na kama 33, na niliyemfuta alikuwa wa pili.

Matokeo

Jina la Mfasiri lilirudishwa, akapata 14 kama wengine. Mtu wa zamu hakurudishwa kwenye ripoti, kwa sababu pesa haikuwa kazi iliyoombwa, lakini asistanti alikubali kwamba sisi wote tulimwacha aamini hivyo. Akampa kazi ya peke yake: kurasa nne juu ya makabidhiano ya zamu pale anapofanya kazi, dakika zile ambazo wa usiku hajatoka na wa mchana hajashika. Aliandika vizuri, akapata 12. Nimeisoma. Anaeleza kwamba makosa mengi ya mashine hutokea ndani ya dakika hizo kwa sababu anayeondoka huamini amesema, na anayeingia huamini ameelewa.

Mimi sikuadhibiwa kwa alama. Niliomba msamaha mbele ya wenzangu, Mfasiri akasema amesikia. Tunasalimiana. Kikundi hakikurudi kuwa kile cha chini ya mwembe.

Uchambuzi: uvivu na kupishana

Ripoti za wanafunzi juu ya ugomvi wa namna hii mara nyingi huishia kwenye neno moja, uvivu. Nami ningeishia hapo. Lakini sosholojia ya kazi na saikolojia ya vikundi zina jaribio la kale linalosaidia kutenganisha mambo mawili ambayo kwa macho yanafanana.

Mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Maximilien Ringelmann, alipima nguvu za wanaume wanaovuta kamba, mmoja mmoja na kisha kwa vikundi, katika miaka ya 1880, na matokeo aliyachapisha mwaka 1913. Aliona kwamba watu wakiongezeka, nguvu ya kila mmoja inapungua. Wakiwa wanane, kila mmoja anavuta karibu nusu tu ya nguvu anayovuta peke yake. Wengi wanaokumbuka jaribio hili husema: hiyo ndiyo dalili ya uvivu. Ringelmann mwenyewe aliona sababu kubwa kuwa nyingine, kwamba watu hawavuti kwa wakati mmoja. Huyu anavuta, yule anashusha pumzi. Mwaka 1974 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Ingham walitenganisha sababu hizo: walimfunga mtu macho, wakamweka mbele ya kamba, na nyuma yake watu waliojifanya wanavuta bila kuvuta. Hapo hapakuwa na kupishana, kwa kuwa alikuwa akivuta peke yake bila kujua. Bado alivuta pungufu kidogo alipoamini ana wenzake. Kwa hiyo sababu zote mbili zipo, kulegea na kupishana, na kila moja ina dawa yake.

Nikilirudia kisa chetu kwa jicho hilo, ninaona kwamba kulegea kulikuwepo. Utangulizi wa nusu ukurasa ulikuwa kulegea. Sura ya hitimisho ambayo haikuja ilikuwa kulegea, na mwenye sura hiyo alikuwa Msemaji, ambaye sikumfuta. Lakini siku nyingi za wiki ya tatu zilizoniumiza hazikuwa kulegea. Zilikuwa kupishana: umeme, simu ya vitufe, homa ya mtoto, zamu ya usiku, na mapatano ya kupashana habari yaliyokaa mdomoni mwa mtu mmoja. Adhabu inaweza kumsukuma aliyelegea. Kwa aliyepishwa haifanyi kitu. Haimpi Watsapu.

Namna ya kuzitofautisha wakati kazi bado inaendelea si ngumu, na ningeijua ningeuliza swali moja. Aliyelegea, ukimwuliza amefikia wapi, hana kipande cha kuonyesha. Aliyepishwa ana kipande, ila hakipo mbele yako. Siku ile ya Jumatatu kaye ya Mfasiri ilikuwa tayari na kurasa zaidi ya kumi. Ningetembea hadi kwao, mwendo wa dakika 40, ningeziona.

Uchambuzi: kazi isiyokuwa sura

Kosa lililozaa mengine tulilifanya nusu saa ya kwanza. Tuligawana sura, tukadhani tumegawana kazi. Sura ni kile kitakachosomwa mwishoni. Kazi ilikuwa na mambo ambayo hayana sura: kufungua mlango wa wabebaji, kufasiri, kutafuta taksi ya alfajiri, kutunza pesa, kuchaji kompyuta. Hakuna aliyepewa mambo hayo, kwa hiyo yalifanywa na aliyeona haja yake, na kwa kuwa hayakuwa kwenye orodha, aliyeyafanya alionekana hajafanya lake. Yaya alipewa sura ya njia za uchunguzi na hakuiandika. Yeye ndiye aliyekuwa njia yenyewe.

Kufasiri ndiko kunakonisumbua zaidi. Kuandika rekodi ya dakika 40 kwa mkono, kusimamisha, kurudisha nyuma, kusikiliza tena, ni kazi ya saa kadhaa hata kama lugha ni moja. Hapa kulikuwa na lugha mbili kabla ya Kifaransa changu. Nilipochapa nilifanya hatua ya mwisho ya mnyororo, na hatua ya mwisho ndiyo inayoacha alama kwenye faili. Yaliyotangulia yalikuwa yamemezwa. Sehemu ile ya wasaidizi wa mlimani iliyosifiwa na asistanti ilitoka kwenye nyota ya Mfasiri, ile iliyoeleza neno. Bila nyota ningeandika kwamba wabebaji wanasukumiwa na watoto wao, na ripoti ingekuwa na kosa.

Na katika ripoti hiyo hiyo, ukurasa wa 11, kuna aya niliyoichapa mwenyewe usiku wa pili. Inasema kwamba bei ya gunia inahesabiwa kwa anayelifikisha sokoni, na mke aliyeyapanga makala ndani ya gunia ili yasisagike njiani hatajwi na mtu, hata na mumewe anapohojiwa. Mwanasosholojia wa Marekani Arlene Kaplan Daniels mwaka 1987 aliipa kazi ya aina hiyo jina la kazi isiyoonekana, na jina hilo tulilinukuu. Siku moja baada ya kuichapa aya hiyo nilifuta jina la Mfasiri. Nalisema kwa uchungu, kwa maana sikuwa sijui. Nilijua kwa wabebaji, sikujua kwangu.

Ile jumla ya 180 nayo ina maelezo. Mwaka 1979 Michael Ross na Fiore Sicoly walionyesha, kwa wanandoa na kwa vikundi vingine, kwamba kila mtu akikadiria sehemu yake, jumla huelekea kupita mia. Si lazima mtu awe mwongo. Kazi yako unaikumbuka kwa mgongo na macho, ya mwenzako unaikumbuka kwa kile ulichokiona tu. Mimi niliyaona mahojiano ya Kibemba kama dakika 160 uwanjani, kwa sababu hizo ndizo nilizokuwepo.

Kilichosaidia, na kikomo chake

Orodha ya saa na mashahidi ndiyo iliyotutoa kwenye maneno. Nguvu yake haikuwa hesabu. Nguvu yake ilikuwa kwamba ili kuandika, ilibidi kila mtu aseme kwa sauti jambo dogo alilolifanya, na wengine walisikie kwa mara ya kwanza. Tulipofika kwenye alfajiri mbili za Yaya, Mtunza pesa alisema hakujua Yaya alilipa chai kwa pesa yake mwenyewe. Akamrudishia siku ile ile.

Lakini saa si thamani, na hapa sikubaliani na wenzangu waliotaka alama zigawanywe kwa saa. Katika 41 zangu kuna nyingi za kuchapa polepole na kurudia baada ya umeme kukatika kabla sijahifadhi. Alfajiri za Yaya zilikuwa saa chache, na bila hizo tusingekuwa na ripoti. Ukilipa kwa saa, unamlipa mwenye kompyuta mbovu zaidi ya mwenye akili ya kukaa na mama wa chai. Wabebaji wenyewe walitufundisha hilo: hawalipwi kwa saa wala kwa kilomita, wanalipwa kwa gunia lililofika zima, na wanalalamika kwamba njia ngumu na njia nyepesi zina bei moja.

Suala la Mtu wa zamu sijalimaliza kichwani. Anafanya kazi saa 12 ili alipe masomo, na masomo yanamtaka awe mahali ambapo zamu haimruhusu. Kumwambia afanye kama sisi ni kumwambia aache mshahara. Kumpokea kwa pesa ni kufungua mlango ambao wenye pesa watapita na wasio nazo watabaki kubeba. Nadhani tungempa kazi inayoweza kufanywa saa za usiku akiwa peke yake, kama kusoma sura za wengine na kutafuta mapengo, na tungempa kabla, kwa maneno, mbele ya wote. Kama angeikataa, tungejua. Hatukumpa nafasi ya kukubali wala ya kukataa.

Tepe iliyofuata nilikuwa kwenye kikundi kingine, na Yaya pia. Tulibandika karatasi moja nyuma ya mlango wa chumba tunachokutania, kila mtu aandike kazi aliyoifanya siku hiyo, hata isiyo na sura. Ilijazwa vizuri wiki mbili. Wiki ya tatu mvua ilipitia kwenye bati na wino ukaenea, na tangu hapo Yaya ndiye anayeuliza mwanzoni mwa kila mkutano, kabla hata ya kukaa, nani leo hayupo na nani alimwona mara ya mwisho.

Kaye bado ninayo. Mfasiri aliniomba nimrudishie, kwa sababu nyuma yake kuna hesabu za deni za nyumbani kwao, na nimeipigia mistari ya kalamu nyekundu karibu kila ukurasa. Nimenunua mpya, na ninamnakilia hesabu zile kwa mkono, mstari kwa mstari, kabla ya kuipeleka. Nimefika ukurasa wa tisa.